"Mpaka Ijumaa" ni lini hasa? Hatua za kuthibitisha siku kabla hujaandika oda

Nina karakana ndogo ya uchapaji Dar es Salaam. Kadi za mialiko, vitabu vya risiti, vijitabu vya ratiba, kazi za aina hiyo. Kwa muda mrefu nilidhani mzigo unachelewa kwa sababu ya umeme au mashine. Nilipoanza kupekua kitabu cha oda niligundua kwamba ugomvi mwingi ulikuwa umeanzia mezani, siku mteja aliposema "Ijumaa" nami nikaandika "Ijumaa", kila mtu na yake kichwani. Sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza neno lililotangulia siku

Mteja akisema "kabla ya Ijumaa", kwa maana ya maneno yenyewe Ijumaa haimo. Siku ya mwisho ni Alhamisi. Akisema "mpaka Ijumaa" au "hadi Ijumaa", Ijumaa imo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, nayo inahesabu hivyo: muda unaoendelea hadi siku iliyotajwa unaijumlisha siku hiyo, na jambo la kufanywa kabla ya siku fulani haliihesabu.

Lakini mteja haji na sheria mkononi. Mwenye nyumba akikwambia "kodi kabla ya tarehe 5", ukimlipa tarehe 5 asubuhi mara nyingi anapokea bila neno, kwa sababu kichwani mwake tarehe 5 ilikuwamo. Nayo "hadi" hubadilika kulingana na kitendo. "Lipa hadi Ijumaa" haina utata mkubwa. "Tumefunga hadi Ijumaa" inao: mmoja atakuja Ijumaa asubuhi akijua mmefungua, mwingine atasubiri Jumamosi. Mimi kwenye karatasi ya mlangoni naandika siku ya kufungua: "Tutafungua Ijumaa saa mbili asubuhi."

"Kufikia Ijumaa" na "ifikapo Ijumaa" ndizo zinazonipa tabu kuliko zote. Wapo wanaomaanisha Ijumaa ikianza tu mzigo uwe tayari, na wapo wanaomaanisha Ijumaa yote ni yako. Nikizisikia hizi sibahatishi, nauliza.

Hatua ya 2: Ikitajwa usiku, simama kabisa

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Septemba 2025, Jumatatu tarehe 8, alikuja ustadhi mmoja, mtu wa Pemba anayefundisha madrasa hapa mjini. Alitaka vijitabu 150 vya kasida, kurasa 16 kila kimoja. Akasema, "Zinasomwa usiku wa Ijumaa, mwanangu." Mimi ni mtu wa Iringa. Nikaandika "Ijumaa jioni", nikapokea nusu ya malipo.

Alhamisi saa tisa alasiri simu ikaita. "Mwanangu, nimtume kijana achukue?" Nikamjibu, "Ustadhi, si kesho?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Usiku wa Ijumaa ni leo."

Naye alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya watu wa pwani, na ya Kiislamu, siku mpya huingia jua likizama. Magharibi ya Alhamisi ikishaingia, huo ni usiku wa Ijumaa. Mchana wake unafuata kesho. Kwa anayehesabu siku kuanzia saa sita usiku, maneno hayohayo yanampeleka Ijumaa baada ya jua kuzama, saa ishirini na nne mbele.

Karatasi zilikuwa zimeshachapwa, lakini hazijakunjwa wala kupigwa pini. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo mezani palikuwa na karatasi 600. Tulikuwa wanne. Mpaka saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumemaliza vijitabu 90, kijana akaondoka navyo. Vile 60 vilibaki bila msomaji, na fedha yake nilimrudishia ustadhi.

Tangu siku ile, nikisikia "usiku wa" na jina la siku, nauliza swali moja: "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe ikishakwisha?" "Kuamkia" inaeleweka kwa kila mtu, wa pwani na wa bara, maana kila mmoja anajua ataamka siku gani. Mtu akitaja "saa sita usiku wa Ijumaa" uliza vilevile, kwa kuwa Ijumaa inapakana na saa sita usiku mbili. Ukituma maombi kwenye mtandao na skrini inasema 23:59, hiyo ni saa 5:59 usiku, dakika moja kabla tarehe haijageuka. Hapo tarehe iliyotajwa imo yote.

Hatua ya 3: "Mwisho wa mwezi" igeuze iwe tarehe

Kwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi ni siku mshahara unapoingia, na huenda ukaingia tarehe 25. Kwa mhasibu ni siku ya mwisho ya kazi. Kwa kalenda ni tarehe 30 au 31, na Februari ni 28 au 29. Kuna pia "mwishoni mwa mwezi", ambayo si siku moja bali ni kipindi. Ukiisikia ujue bado hujapewa tarehe.

Chukua Mei 2026. Tarehe 31 ni Jumapili. Mteja wa ofisi akikuahidi malipo "mwisho wa mwezi", siku ya mwisho ambayo mhasibu wake yupo kazini huenda ni Ijumaa tarehe 29. Wewe ukipeleka ankara Jumamosi tarehe 30 ukijua umewahi, utasubiri Juni. Kwa hiyo fungua kalenda ya simu mbele ya mteja, utazame siku hiyo inaangukia wapi, kisha uulize, "Ankara iwe mezani kwenu tarehe ngapi?"

Hatua ya 4: Uliza kazi itatumika lini

Usiulize "Ijumaa imo?" peke yake. Wengi watajibu "ndiyo" kwa heshima tu, huku hawajafikiria. Uliza: "Mtavitumia saa ngapi, na nani atavifuata?" Mteja akisema shughuli inaanza Ijumaa saa tatu asubuhi, mwisho wako ni Alhamisi, hata kama mwenyewe alisema "mpaka Ijumaa".

Hatua ya 5: Mrudishie kwa maandishi

Ujumbe wangu una siku, tarehe, saa, na neno linaloonyesha kama siku imo. Siku na tarehe zote mbili, kwa sababu moja ikikosewa nyingine inaifichua. Na saa lazima iwe na "asubuhi", "jioni" au "usiku", maana saa nne zipo mbili.

> Mama, shikamoo. Kadi 200 zitakuwa tayari Alhamisi tarehe 28 Mei, saa kumi jioni. Ijumaa haimo, kwa kuwa kikao chenu ni Ijumaa asubuhi. Nikikosea nirekebishe kabla sijawasha mashine.

Asipojibu, napiga simu. Siandiki oda kwa ukimya.

Ustadhi alirudi mwaka huu, na kazi ileile. Safari hii alianza yeye: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, mwanangu. Andika Alhamisi, saa nane mchana."