Somo: Ini linavyotengeneza glukosi mchana wa kufunga, na kwa nini haliivunji papo hapo

Katika somo hili tutamfuata mtu mmoja aliyefunga. Amekula daku saa kumi na nusu alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri. Ubongo wake unatumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani gramu 5 kila saa, na haupumziki kwa sababu mwenyewe amefunga. Glikojeni iliyo kwenye ini, ambayo mtu mzima aliyeshiba huwa nayo kama gramu 100 hivi, imekwisha kupungua, na ini limeanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati, glisero na asidi amino kama alanini. Kazi hiyo ndiyo glukoneojenesisi. Swali letu ni hili: ini hilohilo lina vimeng'enya vyote vya glikolisisi, vinavyovunja glukosi, na vyote vimo katika seli ileile, ni nini kinachozuia glukosi isivunjwe palepale inapotengenezwa?

Hatua ya kwanza: tenga hatua zinazorudi nyuma na zile zisizorudi

Chukua karatasi uchore glikolisisi kutoka juu kwenda chini, glukosi hadi piruvati. Ina hatua kumi, na saba kati yake zinakwenda pande zote mbili kwa vimeng'enya vilevile, kutegemea tu upande upi una mali nyingi. Usipoteze muda juu ya hizo. Zizungushie duara tatu zilizobaki, ambazo hutoa nishati nyingi kiasi kwamba haziwezi kurudishwa: glukokinasi juu kabisa, fosfofruktokinasi ya kwanza (PFK-1) katikati, na kinasi ya piruvati chini.

Glukoneojenesisi hupanda njia ileile, lakini kwenye kila duara huchepuka kwa vimeng'enya vyake. Chini, piruvati huingia mitokondria, ambako karboksilasi ya piruvati, inayohitaji vitamini ya biotini, huiongezea kaboni moja na kuifanya oksaloasetati. Kisha kimeng'enya kiitwacho PEPCK huigeuza kuwa fosfoenolpiruvati. Katikati, fruktosi-1,6-bisfosfatasi (FBPase-1) huondoa fosfati moja. Juu, glukosi-6-fosfatasi huondoa fosfati ya mwisho ili glukosi iweze kutoka kwenda kwenye damu. Kimeng'enya hiki cha mwisho kimo kwenye ini na figo, lakini misuli haina. Ndiyo maana glikojeni ya misuli haimsaidii mfungaji wetu kupandisha sukari ya damu moja kwa moja.

Hatua ya pili: hesabu gharama

Kutengeneza glukosi moja kutoka piruvati mbili hugharimu ATP 4 na GTP 2, jumla sita. Kuivunja glukosi hiyohiyo kurudi piruvati mbili hurudisha ATP 2 tu. Kwa hiyo njia hizi mbili zikienda kwa kasi sawa ndani ya seli moja, kila mzunguko unapoteza nne na hakuna kinachopatikana isipokuwa joto. Mwanafunzi akiishika hesabu hii, haoni tena udhibiti kama orodha ya kukariri, kwa maana anajua seli ingepata hasara gani bila udhibiti huo.

Hatua ya tatu: simama kwenye duara la katikati

Hapa ndipo ninapoomba ukae muda mrefu. PFK-1 hupeleka fruktosi-6-fosfati chini. FBPase-1 huirudisha juu. Vimeng'enya hivi viwili husikiliza molekuli moja, fruktosi-2,6-bisfosfati, ambayo Van Schaftingen, Hue na Hers waliieleza huko Ubelgiji mwaka 1980. Ikiwa nyingi, PFK-1 huamka na FBPase-1 hulala. Ikiwa chache, mambo hugeuka. Molekuli moja inafungua mlango mmoja na kuufunga mwingine kwa wakati uleule, na hiyo ndiyo maana halisi ya kusema kwamba udhibiti wa njia hizi ni wa kupishana.

Tahadhari moja, kwa kuwa kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kwenye karatasi za mitihani: fruktosi-2,6-bisfosfati si fruktosi-1,6-bisfosfati. Ile ya 1,6 ni mzigo wenyewe unaosafiri njiani. Ile ya 2,6 haisafiri kwenda popote. Ni ishara tu, nayo hutengenezwa na kuvunjwa na kimeng'enya kimoja chenye ncha mbili, ncha ya kinasi (PFK-2) na ncha ya fosfatasi (FBPase-2).

Sasa mrudie mfungaji wetu. Alasiri sukari yake imeshuka kidogo, kongosho limeongeza glukagoni, na glukagoni imepandisha cAMP ndani ya seli za ini. cAMP huamsha kinasi A, ambayo huweka fosfati kwenye kile kimeng'enya chenye ncha mbili. Kikishawekewa fosfati, ncha ya kinasi huzimika na ncha ya fosfatasi huwaka, fruktosi-2,6-bisfosfati huvunjwa, PFK-1 hupoa, na FBPase-1 huachiliwa. Jua likizama akafuturu kwa tende, uji na mihogo, insulini hupanda, fosfati ile huondolewa, fruktosi-2,6-bisfosfati hujaa tena, na mkondo hugeuka kwenda chini bila kusubiri vimeng'enya vipya vitengenezwe.

Hatua ya nne: maduara mawili yaliyobaki

Chini, kinasi A ileile huweka fosfati kwenye kinasi ya piruvati ya ini na kuipunguza nguvu, ili fosfoenolpiruvati iliyopatikana kwa gharama isiteremke tena. Wakati huohuo mafuta yanayochomwa ndani ya mitokondria huzalisha asetili-koA nyingi, nayo huamsha karboksilasi ya piruvati na kuzuia ile dehidrojenasi ambayo ingeigeuza piruvati kuwa asetili-koA. Piruvati inabaki na njia moja, ya kupanda. Juu, glukokinasi hufungiwa ndani ya kiini cha seli na protini yake maalumu glukosi inapokuwa chache, na huachiliwa baada ya mlo.

Hatua ya tano: weka njia ya pentosi fosfati mahali pake

Wengi huichora njia hii kama mpinzani wa tatu, na mimi sikubaliani na mchoro huo. Glukoneojenesisi ni kinyume cha glikolisisi. Njia ya pentosi ni tawi linalochepuka kutoka glukosi-6-fosfati, nalo lina msikilizaji wake. Kimeng'enya chake cha kwanza, G6PD, hakiongozwi na fruktosi-2,6-bisfosfati bali na uwiano wa NADP⁺ na NADPH. NADPH ikijaa, hukizuia. Ikitumika, NADP⁺ hupatikana na kimeng'enya kinakwenda. Kila glukosi-6-fosfati inayopita hutoa NADPH 2, CO₂ moja na sukari moja ya kaboni tano.

Kwa hiyo kwenye ini la mtu aliyefuturu, glikolisisi na njia ya pentosi hukimbia pamoja. Asetili-koA inayotoka kwenye glikolisisi inajengwa kuwa mafuta, ujenzi huo unakula NADPH, na G6PD inaitikia. Kama seli inahitaji NADPH peke yake bila ribosi, sukari tano-tano hupangwa upya: tatu kati yake hutoa fruktosi-6-fosfati mbili na gliseraldehidi-3-fosfati moja, zinazorudi kwenye njia kuu. Hapo huweza kuteremka kwa glikolisisi, au kwenye seli zenye FBPase-1 kupanda tena hadi glukosi-6-fosfati na kuzunguka upya.

Maswali ya wanachama

Neema, mwaka wa pili: Mwalimu, shikamoo. Kama mafuta yanachomwa na asetili-koA ni nyingi, kwa nini isigeuzwe kuwa glukosi?

Marahaba, Neema. Asetili-koA ina kaboni mbili, na katika mzunguko wa Krebs kaboni mbili hutoka kama CO₂ kabla ya kufika oksaloasetati, hivyo hakuna ziada ya kupandisha. Wala piruvati haiwezi kurudishwa kutoka asetili-koA, kwa maana hatua hiyo ni ya upande mmoja. Mafuta yanatoa nishati ya kulipia kazi. Kaboni zinatoka kwa laktati, alanini, na lile fungu dogo la glisero.

Tabibu wa zahanati: Ndugu mwalimu, tuliletewa kijana aliyekunywa pombe usiku kucha bila kula. Sukari ilikuwa 1.9 mmol/L. Mwenzangu alimchoma glukagoni, sukari haikupanda. Somo lako linaelezaje?

Linaeleza vizuri, na kisa chako kinafaa kukaririwa kuliko mchoro wowote. Kuvunja pombe kwenye ini huzalisha NADH kwa wingi, mara mbili kwa kila molekuli. NADH hiyo huisukuma piruvati igeuke laktati, na oksaloasetati igeuke malati. Laktati inayofika kwenye ini haiwezi kuwa piruvati, na duara la chini linakosa malighafi. Glukagoni ilifanya kazi yake: ilishusha fruktosi-2,6-bisfosfati na kufungua FBPase-1. Lakini mlango uliofunguliwa haukuwa na kitu cha kupita, na glikojeni, ambayo glukagoni huitegemea kupandisha sukari haraka, ilikwisha usiku kwa kutokula. Mgonjwa wa namna hii anahitaji glukosi kwenye mshipa, na kama ni mnywaji wa muda mrefu apewe na thiamini. Dalili ya maabara inayoendana na hali hii ni sukari ndogo pamoja na laktati iliyopanda.

Salim: Adrenalini nayo hupandisha cAMP. Je, mkimbiaji hazimi glikolisisi ya misuli yake?

La. Kimeng'enya cha ncha mbili cha misuli ya mifupa si kile cha ini. Hakina mahali ambapo kinasi A huizima ncha ya kinasi. Kinasi ya piruvati ya misuli pia haizimwi hivyo. Adrenalini huvunja glikojeni, glikolisisi inaongezeka, na laktati husafiri hadi ini kujengwa upya kuwa glukosi. Mzunguko huo una jina la Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1947.

Mwanachama wa Mombasa: Ndugu yangu ana upungufu wa G6PD. Kwa nini ni chembe nyekundu za damu zinazoumia na si ini?

Chembe nyekundu haina mitokondria, hivyo NADPH yake yote inatoka kwenye njia ya pentosi, na NADPH hiyo ndiyo inayoirudisha glutathioni katika hali ya kulinda himoglobini. Tena haina kiini cha seli, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Katika aina ya upungufu iliyo ya kawaida kwa watu wa asili ya Afrika, G6PD huzaliwa nzima lakini huharibika mapema, kwa hiyo chembe kuukuu ndizo zinazopasuka kwanza. Dawa kama dapsoni, au primakwini ya siku 14, humaliza NADPH kuliko chembe inavyoweza kuirudisha, na mgonjwa huona mkojo mweusi na macho ya manjano. Dozi moja ndogo ya primakwini ya 0.25 mg kwa kilo, inayotolewa kuzuia malaria ya falsiparamu isienee kwa wengine kupitia mbu, Shirika la Afya Duniani huiruhusu bila kipimo cha G6PD.

Akipimwa wakati damu imetoka kupasuka, majibu yanaweza kuonyesha kwamba yuko sawa, kwa sababu chembe kuukuu zimekwisha kufa na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Ikiwa ndugu yako aliwahi kupimwa katika siku hizo akaambiwa hana tatizo, apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi.