Somo: Shiti ya kufuatilia kazi za timu ndogo, kolamu ya hali inajijaza yenyewe

Wakuu habari zenu. Kuna jamaa aliniomba shiti ya kufuatilia kazi, timu yao ni watu wanne tu, nikamtumia ninayotumia mwenyewe, halafu nikaona bora nieleze ilivyotengenezwa maana ukipewa faili bila kuelewa fomula zake siku ikigoma unaitupa unarudi kwenye daftari.

Zamani shiti yangu kila mtu alikuwa anaandika hali ya kazi yake kwa mkono. Mmoja anaandika "inaendelea", mwingine "bado kidogo", mwingine haandiki kitu. Kuna kazi moja ilikaa "inaendelea" wiki tatu baada ya dedlaini kupita na hakuna aliyeshtuka, na ukiangalia vizuri huyo mtu hakudanganya, kweli ilikuwa inaendelea! Toka siku hiyo watu wanajaza tarehe na asilimia tu, hali inatolewa na fomula.

Hatua ya 1: kolamu

Fungua Excel au Google Sheets, mstari wa kwanza andika hivi kuanzia A mpaka H: Kazi, Mhusika, Kuanza, Mwisho, Siku, Asilimia, Hali, Maelezo. Basi. Najua utatamani kuongeza kipaumbele, bajeti, rangi ya moyo wako, subiri kwanza, kila kolamu ya kujaza kwa mkono ni kolamu ambayo wiki ya pili itakuwa tupu.

Tuchukue mfano wa timu inayotengeneza tovuti, wahusika tuwaite A, B, C na D:

| Kazi | Mhusika | Kuanza | Mwisho | Siku | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|
| Kusajili jina la tovuti | A | 2/3/2026 | 2/3/2026 | 1 | 100% |
| Kukusanya maandishi na picha | B | 2/3/2026 | 3/3/2026 | 2 | 100% |
| Kuchora muonekano | C | 4/3/2026 | 6/3/2026 | 3 | 100% |
| Kutengeneza kurasa | D | 9/3/2026 | 20/3/2026 | 10 | 0% |
| Kujaribu kwenye simu na kompyuta | A | 23/3/2026 | 26/3/2026 | 4 | 0% |

Hatua ya 2: orodha za kuchagua

Tengeneza shiti ya pili iite Orodha. A2 kushuka chini weka majina ya wahusika, B2 mpaka B5 weka 0%, 50%, 90% na 100%. Rudi shiti ya kwanza, chagua kolamu ya Mhusika, nenda Data > Data Validation, weka List kisha elekeza kwenye yale majina. Fanya hivyo hivyo kwenye Asilimia. (Kwenye Google Sheets ni Data > Data validation, unachagua Dropdown from a range.)

Kwa nini asilimia nne tu? Kwa sababu ukiacha watu waandike wanachotaka utaletewa 65%, 70%, 85%, na ukimuuliza mtu 85% maana yake nini hana jibu, kaikadiria tu. Kwetu 0 ni hajagusa, 50 ni kaanza na kuna kitu unaweza kukiona kwa macho, 90 kamaliza anasubiri mwenzake akague, 100 imekaguliwa ikakubaliwa. Hakuna ubishi. Faida nyingine, inamzuia mtu asiandike 100 kwenye seli isiyo na fomati ya asilimia, maana hiyo inasomeka 10000% na fomula ya hali haitaitambua kama imeisha.

Hatua ya 3: siku

E2 weka hii halafu buruta chini:

```
=IF(COUNT(C2:D2)<2,"",NETWORKDAYS(C2,D2))
```

NETWORKDAYS inahesabu siku za kazi, inaruka Jumamosi na Jumapili, na inahesabu siku ya kuanza na ya mwisho zote, ndiyo maana kazi ya kuanza na kuisha tarehe 2 inatoa 1.

Hatua ya 4: hali

Huu ndio moyo wa shiti. G2:

```
=IF(A2="","",
IF(COUNT(C2:D2)<2,"Sahihisha tarehe",
IF(F2=1,"Imekamilika",
IF(D2<TODAY(),"Imechelewa",
IF(F2>0,"Inaendelea","Haijaanza")))))
```

Mpangilio wa hizo IF usiuchezee. Ukamilifu unaangaliwa kabla ya kuchelewa, ukigeuza basi kazi zote zilizokwisha mwezi uliopita zitaandikwa zimechelewa.

Sasa hapo kwenye COUNT wengi wanaipita lakini ndipo nilipoumia. Tarehe kwenye shiti ni namba iliyovaa nguo za tarehe. Mtu akiandika 20.3.2026 au akapesti kutoka kwenye meseji, mara nyingi programu inaipokea kama maandishi, na kwenye ulinganisho wa Excel maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba. Kwa hiyo D2<TODAY() itakuwa siyo kweli leo, kesho na milele, yaani kazi hiyo haiwezi kuchelewa hata ipite miaka. Na ukiiacha tarehe tupu ni kinyume chake, inahesabiwa sifuri na kazi inachelewa kabla haijapangwa. COUNT inahesabu namba tu, ikikosa mbili inakuambia urekebishe. Kwa macho pia utaijua, kama hujagusa mpangilio wa seli tarehe halisi inakaa kulia na maandishi yanakaa kushoto.

Hatua ya 5: rangi

Chagua A2:H60, nenda Conditional Formatting, New Rule, halafu Use a formula, andika:

```
=$G2="Imechelewa"
```

Weka nyekundu hafifu. Hiyo dola kabla ya G usiisahau, bila hiyo kila seli itaangalia kolamu tofauti na mstari hautapakwa wote. Ongeza moja ya kijivu kwa "Imekamilika" na moja ya njano kwa "Sahihisha tarehe". Zilizobaki ziache nyeupe, shiti ikiwa na rangi kila mahali hakuna anayeona nyekundu.

Hatua ya 6: asilimia ya mradi mzima

Hapa watu wengi wanaweka AVERAGE na ndipo bosi anapodanganywa. Angalia mfano wetu asubuhi ya Jumatatu tarehe 9: kazi tatu kati ya tano zimeisha, AVERAGE inakupa 60%. Lakini hizo tatu kwa pamoja ni siku 6 kati ya 20! Kazi yenyewe ya kurasa haijaguswa. Weka J1:

```
=SUMPRODUCT(E2:E60,F2:F60)/SUM(E2:E60)
```

Inatoa 30%, na huo ndio ukweli. Tumia koma kama nilivyoandika, ukiweka alama ya kuzidisha kati ya hizo safu mbili ile mistari yenye E tupu itakuletea #VALUE! kwa sababu "" ni maandishi.

Haya maswali, karibuni.

---

Mkuu asante kwa somo, nimekopi fomula ya hali kama ilivyo inaniambia kuna kosa, shida nini?

Angalia kwanza kompyuta yako inatenganisha na nini. Kuna mipangilio ya nchi ambayo desimali inaandikwa kwa koma, hiyo inataka nukta mkato kwenye fomula badala ya koma. Badilisha koma zote ziwe nukta mkato, ujaribu. Kama bado, angalia alama za kunukuu, ukipitisha fomula kwenye meseji au Word zinageuka za kupinda na Excel haizitambui, zifute uandike upya kwa mkono.

Kaka sisi Jumamosi tuko kazini, itahesabuje?

Tumia hii, 11 maana yake mapumziko ni Jumapili peke yake, na kama mapumziko yenu ni Ijumaa na Jumamosi weka 7:

```
=NETWORKDAYS.INTL(C2,D2,11)
```

Hiyo iingize ndani ya ile IF ya hatua ya 3. Sikukuu ziorodheshe kwenye shiti ya Orodha halafu hiyo safu iongeze mwishoni baada ya 11.

Kazi moja inafanywa na watu wawili, naandika majina yote?

Hapana. Ukiandika majina mawili kwenye seli moja, ukichuja kwa jina la mmoja hiyo kazi inaweza isionekane, na ikichelewa kila mmoja anamtazama mwenzake. Kama inagawanyika igawe mistari miwili, mfano kurasa: D anatengeneza, C anakagua. Kama haigawanyiki weka jina la atakayeulizwa, msaidizi andika kwenye Maelezo.

Hiyo 30% nitajuaje kama ni nzuri au mbaya? bosi ataniuliza hivyo hivyo

Swali zuri dada, asilimia peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na tulipotakiwa kuwa leo. Ongeza kolamu I uiite Matarajio:

```
=IF(E2="","",MAX(0,MIN(1,NETWORKDAYS(C2,TODAY())/E2)))
```

Halafu J2 rudia ile SUMPRODUCT ila F uiweke I. Tukirudi kwenye mfano, tuseme leo ni Jumanne tarehe 17 na kurasa ziko 50%. Tumefanya zile siku 6 za mwanzo, ongeza nusu ya siku 10 za kurasa ambayo ni 5, yaani 11 kati ya 20, 55%. Kwenye matarajio kurasa zilitakiwa ziwe zimekula siku 7, jumla 13, yaani 65%. Hapo mko nyuma siku mbili za kazi, na Hali bado inasoma "Inaendelea" kwa sababu dedlaini ni tarehe 20. Ila usiishtukie tofauti ndogo, kwanza leo inahesabiwa nzima hata kama ni asubuhi, na pili asilimia zetu zinaruka kwa hatua kubwa. Kama kazi zenu ni za siku 10 na zaidi zikateni ziwe za siku 3 mpaka 5, hiyo tofauti itakuwa na maana zaidi.

Kwetu watu wakiona nyekundu wanasogeza tu tarehe ya mwisho mbele 😂 inarudi nyeupe

Hahaha hiyo ipo kila mahali. Siku mnakubaliana mpango, kopi kolamu ya Mwisho uipesti kama Values kwenye kolamu K, iite Mwisho wa awali, halafu ifunge (Google Sheets ni Data > Protect sheets and ranges, kwenye Excel ni Review > Protect Sheet, ila kabla ya kufunga fungua Locked kwenye kolamu za kujazwa la sivyo kila kitu kitagoma). Kolamu L weka:

```
=IF(COUNT(D2,K2)<2,"",D2-K2)
```

Hiyo ni siku za kalenda, siyo za kazi. Kusogeza siwakatazi, mambo hubadilika, ila ukiona mstari mmoja una 21 pale L unajua wa kuongea naye.