Kumwonyesha bibi vitufe vya Bluetooth na Hotspot

Ukimwelekeza mzee kwenye simu ya Android, anza na kidole chenyewe. Bibi yangu alikuwa anaanzia katikati ya skrini, basi vitufe havishuki. Mwambie aanzie juu kabisa, pale penye saa na alama ya betri, ashushe kidole hadi katikati, kisha arudie. Kwa simu nyingi, mara ya kwanza huleta vitufe vichache, ya pili huleta paneli nzima.

Bluetooth kwa kawaida iko hapo hapo. Hotspot ndiyo hujificha: telezesha kushoto, huenda iko ukurasa wa pili. Isipoonekana, gusa alama ya penseli, ishikilie Hotspot na uiburute hadi safu ya kwanza, jirani na Bluetooth. Hili mfanyie wewe, mara moja tu.

Kitufe kilichokolea rangi kimewashwa, kilichofifia kimezimwa. Aguse na kuachia papo hapo. Akikawia kukibonyeza, hufunguka ukurasa wa mipangilio, naye anashtuka akidhani ameharibu simu. Arudi nyuma tu, ajaribu tena. Na Hotspot aizime akimaliza, maana inakula bando na chaji.