Mtahiniwa mgeni wa kemia, anza na bureti

Watahiniwa wa kujitegemea wanapokuja kwenye maabara yetu siku ya mazoezi, kabla ya mtihani wa vitendo, nawakagua haraka viatu, nywele na koti. Kisha kila mmoja namsimamisha mbele ya bureti, maana hapo ndipo alama nyingi hupotea. Isuuze mara 2 kwa asidi ile ile utakayoijaza. Maji yakibaki ndani yataizimua, nawe utatumia asidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Flaski ya koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu. Fungua koki mpaka kipovu cha nchani kitoke, toa faneli, ndipo usome. Kipovu kikitoka katikati ya kazi, utahesabu asidi ambayo haikuingia kwenye flaski.