Vina vya wawili wawili au vya mnyororo? Jaribio la hoja ya boda

Hapa Kampala ugomvi wa bodaboda hauishi, kwa hiyo tuutumie kupima vina. Kila mshororo utakuwa na mizani 8. Kina cha katikati ya mshororo tutakiacha leo.

Hatua ya 1: andika tathnia, yaani beti za mishororo miwili miwili.

Boda zaziba njiani,
ziondolewe mjini.

Lakini mgonjwa wetu
hubebwa na boda zetu.

Soma kwa sauti. Kila ubeti ni hukumu iliyokwisha kutolewa, kwa sababu kina kimepata mwenzake papo hapo na sikio halidai tena kitu. Ndiyo maana tathnia inafaa kufunga hoja. Ila nilipotumia beti za namna hii kubishana, ziligeuka watu wawili wanaofokeana, kila mmoja na lake. Hata ukizipangua, hakuna kinachovunjika.

Hatua ya 2: sasa tujaribu mnyororo; chagua vina vinne.

Nimechukua -ni, -ma, -ngu, -ke. Irabu zote ni tofauti, nami nimefanya hivyo makusudi: ukiweka -ma kando ya -na, sikio litavichanganya na mnyororo utapotea. Na jihadhari na -ni ya mahali, maana ni kina cha bei rahisi, nomino nyingi zinakikubali.

Hatua ya 3: fuma.

Kina cha mshororo wa kati ndicho kinachofungua na kufunga ubeti unaofuata. Mtu wa pindu, shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti hufungua ubeti unaofuata, atakumbuka mchezo wake, ila hapa kinachovuka ni kina tu, maneno hayarudiwi. Usiuchanganye mnyororo huu na tathlitha ya kawaida, ambayo nayo ina mishororo mitatu kila ubeti lakini haina lazima ya kuvusha kina hivyo.

Boda zaziba njiani,
ila zaokoa mama,
ziondolewe mjini?

Usiku gari hukoma,
naye ashikwa uchungu,
hubebwa na boda hima.

Basi sikia la kwangu:
zipewe vituo vyake,
zisizibe njia yangu,

mama wodini afike.

Tazama "ila zaokoa mama". Mshororo huo una kina kisicho na mwenzake ndani ya ubeti, na pia una pingamizi lisilojibiwa. Sikio linasubiri -ma, akili inasubiri habari za huyo mama, na ubeti wa pili unaleta vyote viwili. Nikiweka pambo tupu pale kati, tuseme sifa za rangi ya pikipiki, vina vitaendelea kushikana lakini hoja itakwama. Kosa hilo ndilo ninaloliona zaidi kwa wanaoanza.

Hatua ya 4: funga.

Mnyororo haujui kusimama wenyewe, kila ubeti unaacha kina kimoja kikining'inia. Dante, Mwitaliano wa karne ya 14, alimaliza kila sehemu ya utenzi wake mkuu kwa mshororo mmoja unaojibu kina cha mshororo wa kati wa ubeti wa mwisho. Hapa "afike" inaijibu "vyake".

Hatua ya 5: pima.

Funika ubeti wa pili kwa kiganja, kisha msomee mtu. Asipouliza "mama gani?", rudi kwenye mshororo wa kati.