Pima shoti kabla ya kuchomeka chipu

Saketi ikishafanya kazi kwenye bredibodi na ukaamua kuihamishia kwenye pafubodi, usilehemu chipu yenyewe. Lehemu soketi yake, uiache tupu, kisha chukua multimita.

Tuseme ni taima ya 555 inayowasha na kuzima taa, na kati ya mguu wa 7 na wa 8 kuna rezista ya kiloomu 1. Miguu hiyo imepakana, kwa hiyo tone la risasi huiunganisha kirahisi. Ukiwasha umeme hivyo, kila mguu wa 7 unapovuta kwenda graundi utakuwa unavuta umeme wa betri moja kwa moja bila kupitia rezista, na chipu itachemka. Weka multimita kwenye omu, betri ikiwa imetolewa, upime hapo: ukisoma karibu 1000, sawa, ukisoma karibu 0, kuna shoti.

Usitegemee mlio wa multimita peke yake. Multimita nyingi hulia hata kwenye omu 30 hivi. Tena mguu wa 4 na wa 8 vikilia usishtuke, kwa kawaida tumeviunganisha wenyewe.

Mwisho pima chanya na graundi. Kama kuna kapasita kubwa, namba itaanza chini halafu ipande taratibu; huko ni kujaa kwa kapasita. Ikiganda karibu na 0, pitisha ncha ya kisu kati ya matone ya risasi yaliyopakana, hasa pale unywele wa waya uliposalia, upime tena.