Klorini Inapopotea Njiani: Kupima Umri wa Maji na Kuchagua Mahali pa Kuongeza Dawa

Mfano ninaoutumia hapa ni wa mradi mmoja wa maji ya mserereko katika nyanda za juu za Mbeya. Maji hutoka kwenye mtambo, huingia katika tangi la mita za ujazo 500, na kutoka hapo hugawanyika: sehemu kubwa huenda mjini, na tawi dogo huteremka kupitia mashamba ya viazi hadi vijiji vya chini. Kioski cha mwisho cha tawi hilo kilikuwa kikisoma klorini huru ya miligramu 0.1 kwa lita au chini ya hapo, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 0.2 pale mtu anapochota. Nilianza kwa kosa: niliongeza dawa mtamboni hadi 1.4, na wiki haikuisha kabla wakazi wa karibu na mtambo hawajalalamika kwamba chai yao inanuka dawa, huku kioski cha mwisho kikipanda kidogo tu. Hatua zifuatazo ndizo ningepaswa kuanza nazo.

Hatua ya kwanza: pima kasi ya maji yenyewe kula klorini. Chukua chupa sita za kioo cheusi zenye vifuniko, zilowekwe kwanza katika maji yenye klorini nyingi na kusuuzwa, ili uchafu wa kioo usile dawa unayotaka kuipima. Zijaze zote kwa wakati mmoja maji yanayotoka mtamboni, bila kuacha hewa, kisha zitumbukize kwenye ndoo ya maji ya tangi, gizani. Usiziweke dirishani ofisini, kwa kuwa klorini hupungua haraka zaidi katika joto, na maji yetu ya Juni ni baridi kuliko chumba chochote. Fungua chupa moja kila baada ya saa kadhaa, pima kwa kidonge cha DPD namba 1, ambacho hugeuza maji kuwa ya waridi kadiri klorini ilivyo nyingi, na usirudie chupa iliyokwisha kufunguliwa. Sisi tulianza na 0.80, na baada ya saa 24 tukapata 0.50. Upungufu huo hufuata kanuni hii:

```
C = C0 × e^(-k × t)
```

C0 ni klorini ya mwanzo, t ni saa zilizopita, na k ni kasi ya upungufu, ambayo kwa chupa zetu ilikuwa 0.02 kwa saa.

Hatua ya pili: kadiria umri wa maji. Kwa bomba, gawanya ujazo wake kwa mtiririko. Bomba letu kuu la milimita 150 na urefu wa kilomita 6 hubeba mita za ujazo 106, na kwa mtiririko wa mita za ujazo 18 kwa saa, maji hukaa humo chini kidogo ya saa 6. Tangi kwa kawaida hubaki na mita za ujazo 400, kwa hiyo maji hukaa humo saa 22. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa macho yetu huangalia urefu wa bomba, ilhali umri mkubwa umekaa kwenye tangi.

Linganisha hesabu na vipimo. Kwa k ya chupa peke yake, maji yalipaswa kufika tangini yakiwa na 0.71, lakini tulipima 0.55. Tofauti hiyo huliwa na ukuta wa bomba la chuma lenye kutu na utando, kwa hiyo k ya bomba lazima ipimwe kwenye bomba, haitoki kwenye chupa.

Hatua ya tatu: chunguza tangi kabla ya kununua chochote. Tangi linalochanganyika vizuri hutoa klorini inayokaribia ile inayoingia ikigawanywa kwa (1 + k × t), yaani 0.55 gawanya kwa 1.44, ambayo ni 0.38. Tulipopima kwenye bomba la kutolea maji saa 12 asubuhi tulipata 0.48. Fundi akasema tangi ni zima, na mimi nikakaribia kumwamini. Saa 5 asubuhi, baada ya watu kuchota kwa wingi, kipimo kile kile kilipauka kabisa: kwenye mrija, waridi la alfajiri lilikuwa limebaki kivuli tu, 0.15.

Mabadiliko hayo ya siku moja yana maana yake. Tangi lilijazwa na kutolewa maji kwa bomba moja la chini, na maji mapya ya usiku, kwa kuwa ni baridi na mazito, yalitanda chini na kutoka yakiwa ya kwanza. Maji ya juu, yaliyopata joto la jua, yalisubiri siku kadhaa hadi kina kishuke. Anayepima alfajiri tu hatayaona kamwe. Tulirefusha bomba la kuingizia hadi upande wa pili, tukaelekeza mdomo wake juu, na kuweka vali za kuzuia maji kurudi. Baadaye vipimo vya siku nzima vilikuwa kati ya 0.36 na 0.40, na sehemu ya mjini haikuhitaji dawa zaidi.

Hatua ya nne: tafuta mahali pa nyongeza. Tawi la vijijini lilibaki na shida. Kwenye tangi la kupunguza msukumo, saa 7 chini ya tangi kuu, tulipima 0.27, ikimaanisha k ya 0.05. Kwa k hiyo, kioski cha mwisho, kilicho saa 16 chini ya tangi kuu, kingepata 0.17. Kulikuwa na sehemu tatu za kuchagua. Kuongeza kwenye bomba la kutokea tangi kuu kungewapa watu wa mjini dawa wasiyoihitaji. Kuongeza karibu na kioski kungekuwa kumechelewa, kwa kuwa dawa inahitaji angalau nusu saa kabla ya mtu wa kwanza kuchota. Tangi la kupunguza msukumo lina faida kubwa: maji yote ya tawi hupita hapo, huanguka na kuchanganyika, na bado yana klorini. Kama mahali unapopalenga panasoma sifuri, usiongeze dawa kwanza; tafuta uvujaji, uchafu au bomba la mwisho ambamo maji yamelala, ambalo tiba yake ni kusafishwa kwa kufungua maji.

Tulihitaji kuongeza 0.2 kwenye mita za ujazo 5.4 kwa saa, yaani gramu 1.08 za klorini kwa saa. Gramu 308 za HTH, unga wenye asilimia 65 ya klorini, ndani ya pipa la lita 100 za maji hutoa gramu 2 kwa lita, hivyo matone yanayotoka kwenye pipa hilo kupitia mpira yanapaswa kuwa mililita 9 kwa dakika, na pipa hutosha wiki moja. Acha mchanganyiko utulie na uchukue maji ya juu, maana mashapo ya kalisi huziba mpira.

Usiku, boya la tangi hilo la kupunguza msukumo lilifunga maji lakini matone yaliendelea, na asubuhi nyumba ya kwanza ilisoma karibu 2. Mama mmoja aliniambia, “Mwanangu, leo maji ni dawa tupu.” Tulifunga mpira wa dawa kwenye mkono ule ule wa vali ya boya, ili maji yakisimama, mkono uubane. Tangu hapo kioski cha mwisho husoma kati ya 0.25 na 0.3, na jaribio la chupa hurudiwa mvua zinapoanza Novemba, kwa kuwa maji yenye tope hubadilisha k na pamoja nayo kiasi cha unga.